Miliampea Moja, Transista Mbili

Ukifungua amplifaya ya muziki na kufuata njia ya sauti tangu inapoingia, mara nyingi vifaa vya kwanza utakavyovikuta ni transista mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, miguu yao ya emita ikiwa imeunganishwa. Mpango huohuo umo ndani ya aisi kama LM358, ila humo huwezi kuuona kwa macho. Fundi akizipima transista hizo moja moja na kuziona nzima, huendelea na kazi yake bila kujiuliza kwa nini ziko mbili. Makala hii inahusu hizo mbili, na hasa jambo moja tu: zinavyogawana mkondo ambao jumla yake haibadiliki.

Mpango wenyewe ni mkongwe kuliko transista. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliuombea hataza mwaka 1936, enzi za valvu za kioo, televisheni ilipokuwa inaanza. Shida iliyomsumbua ni ya kebo ndefu yenye nyaya mbili. Kelele za njiani huingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, lakini ishara unayoitaka imo katika tofauti kati ya waya mmoja na mwingine. Ilihitajika saketi inayoongeza nguvu ya tofauti hiyo na kupuuza kile kinachopanda na kushuka kwa pamoja. Jibu lilikuwa valvu mbili zenye mguu mmoja wa pamoja, na chini yake rezista kubwa iliyoshuka hadi kwenye volti hasi. Rezista hiyo ikaitwa mkia, na jina hilo lingali linatumika hata pale ambapo rezista imeondolewa na nafasi yake kushikwa na kitu bora zaidi.

Tuchukue mfano ambao mtu anaweza kuujenga mezani. Transista ni mbili za BC547. Umeme unatoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Sehemu zinapokutana ndiyo sifuri yetu, kwa hiyo juu tuna volti 12 chanya na chini volti 12 hasi. Kila kolekta inapanda hadi kwenye volti chanya kupitia rezista ya omu 10,000. Emita mbili zinakutana, na kutoka hapo mkia unavuta miliampea 1 kwenda kwenye volti hasi, kila wakati, hata iweje. Besi zote mbili zikiwa kwenye sifuri, kila transista inapitisha nusu miliampea. Nusu hiyo ikipita kwenye omu 10,000 inapoteza volti 5, kwa hiyo mita ikiwekwa kwenye kolekta yoyote itasoma volti 7. Swali sasa: ukiipandisha besi ya kwanza kwa milivolti 10, itakuwaje?

Ili kujibu, kwanza tuitazame transista ikiwa peke yake. Mkondo wa kolekta yake haupandi kwa unyoofu volti kati ya besi na emita zinapopanda. Unapanda kwa kuzidishwa. Ongeza milivolti 18, mkondo unakuwa mara mbili. Ongeza nyingine 18, unakuwa mara nne. Ukifikisha nyongeza ya milivolti 60, umekuwa mara kumi. Tabia hii inatokana na kipimo kimoja cha asili, ambacho wahandisi hukiita volti ya joto na kukiandika VT. Kwenye joto la nyuzi 27 ni karibu milivolti 26, na hakitegemei kiwanda wala aina ya transista. Kinategemea joto tu.

Ndiyo maana transista moja ni mnyama mgumu kumfuga kwa volti. Ukitaka ipitishe nusu miliampea kwa kuipa besi volti 0.65 kamili, utahangaika bure: kosa la milivolti 18 linaufanya mkondo kuwa mara mbili, na kila nyuzi moja ya joto inasogeza volti inayohitajika kwa milivolti 2 hivi. Transista ya pili iliyotoka mfuko uleule nayo itadai volti tofauti kidogo.

Sasa ziunganishe emita. Kwa kuwa sehemu ya chini ni moja kwa zote mbili, tofauti ya volti kati ya besi na besi ndiyo tofauti nzima iliyopo kati ya transista hizo. Hatuhitaji kujua kama kila moja imesimama kwenye 0.62 au 0.66. Joto likipanda, zote mbili zinadai volti pungufu kwa pamoja, emita inasogea juu kidogo kuwaridhisha wote, na mgawo unabaki palepale. Tofauti ya milivolti 18 inafanya mkondo wa moja kuwa mara mbili ya mwenzake. Tofauti ya 60, mara kumi. Hilo ni sharti la kwanza, linalohusu uwiano. Sharti la pili linatoka mkiani: mikondo miwili ikijumlishwa ni lazima iwe miliampea 1. Ni kama mfereji wa kumwagilia wenye maji yaleyale kila saa, unaogawanyika kwenda mashamba mawili: huwezi kumwongezea mmoja bila kumpunguzia mwenzake kiasi kilekile.

Masharti mawili, vitu viwili visivyojulikana. Hesabu inajifunga yenyewe. Kwa anayependa kuiona ikiwa imeandikwa, I ni mkondo wa mkia na V ni volti za besi ya kwanza ukitoa za besi ya pili:

```
I1 = I / (1 + e^(-V/VT))
I2 = I - I1
```

Tuipe namba. Kwa milivolti 10 uwiano ni karibu 1.47, kwa hiyo transista ya kwanza inachukua miliampea 0.595 na ya pili inabakiwa na 0.405. Kolekta ya kwanza inashuka kutoka volti 7 hadi 6.05, ya pili inapanda hadi 7.95. Mtikisiko mdogo kabisa pale mlangoni umezaa karibu volti nzima kila upande, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda. Kwa milivolti 18 mgawo ni theluthi mbili kwa theluthi moja. Kwa milivolti 60 ya kwanza ina 0.909 na ya pili 0.091. Ukifika milivolti 120, ya pili imebaki na sehemu moja tu katika mia, na kuanzia hapo kuongeza volti hakuleti kitu cha maana, kwa sababu hakuna tena mkondo wa kunyang'anya.

Linalonivutia zaidi kwenye hesabu hii ni kile kisichokuwemo. Mgawo hauna habari na kiasi cha mkia. Ukivuta miliampea 1 au mikroampea 10, milivolti 18 zitagawa theluthi mbili kwa moja vilevile. Tena hautegemei ile namba ambayo wanafunzi wa elektroniki hukaririshwa kwanza, yaani ukuzaji wa mkondo wa transista, ambao kwa BC547 ya daraja la B huruhusiwa kuwa popote kati ya 200 na 450. Namba hiyo huamua besi zitanyonya kiasi gani. Mgawo wenyewe hauigusi.

Inafaa pia kuiangalia ile sehemu emita zinapokutana, kwa kuwa ndiko kazi inakofanyika. Besi ya kwanza inapopanda kwa milivolti 10, makutano ya emita hayakai yametulia. Yanapanda nayo, lakini kwa kama nusu tu, milivolti 5 hivi. Kwa hiyo transista ya kwanza inaona nyongeza ya 5, na ya pili, ambayo besi yake haikuguswa kabisa, inaona pungufu ya 5 kwa sababu emita yake imeinuliwa kutoka chini. Hivyo ndivyo ishara inavyovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila waya wowote kati ya besi. Tofauti ikiwa kubwa, makutano yanaifuata karibu kikamilifu besi iliyo juu, na transista iliyo chini inazimwa na emita yake mwenyewe.

Na besi zote mbili zikipanda kwa pamoja? Hapo ndipo mkia unapojulikana kama ni wa kweli. Tuseme umeweka rezista tupu ya omu 11,350 kati ya emita na volti 12 hasi. Besi zikiwa kwenye sifuri, emita iko volti 0.65 chini yake, rezista inabeba volti 11.35, na mkondo ni miliampea 1 sawasawa. Pandisha besi zote kwa volti 1, kama muungurumo wa umeme wa Hz 50 unavyoweza kufanya. Rezista sasa inabeba volti 12.35, mkia unavuta 1.088, na kila kolekta inashuka kwa karibu volti 0.44. Linganisha na ile volti 0.95 tuliyoipata kwa ishara halali ya milivolti 10, utaona kelele imepata sauti isiyostahili.

Badala ya rezista tupu, weka transista ya tatu. Emita yake iende kwenye volti hasi kupitia rezista ya omu 1,150 hivi, na besi yake ishikiliwe na taa nyekundu ya LED iliyosimama juu ya volti hasi, ikilishwa kutoka sifuri kwa rezista ya omu 4,700. LED nyekundu ya kawaida inashika karibu volti 1.8, ukitoa 0.65 za transista, zinabaki 1.15 juu ya rezista, na mkondo ni miliampea 1. Kolekta ya transista hii ndiyo mkia. Sasa besi za juu zikipanda volti nzima, mkia unasogea kwa mikroampea moja au chini yake, na kolekta zinatikisika kwa milivolti chache tu. Kuna faida nyingine iliyojificha: volti za LED hushuka kwa joto kwa kasi inayokaribiana na ya transista, kwa hiyo kupanda na kushuka kwao kunafutana. Kwa kifaa cha bei rahisi namna hiyo, mimi ningeichagua kabla ya zena.

Ukiijenga, utahitaji njia ya kutoa milivolti chache zilizotulia. Volyumu peke yake haitoshi, kwa sababu mguso mdogo wa kidole unaruka milivolti mia. Iunge volyumu kati ya volti 12 chanya na hasi, toa waya wa katikati, upitishe kwenye rezista ya omu 10,000, halafu ya omu 100 kwenda sifuri. Mahali rezista hizo mbili zinapokutana ndipo pa kuchukulia besi ya kwanza; kuzungusha volyumu kutoka mwisho hadi mwisho kutakupa kama milivolti 119 kila upande. Besi ya pili iende sifuri. Mita ya kawaida kwenye kipimo cha milivolti 200 inasoma hadi sehemu ya kumi ya milivolti, na hiyo inatosha kuufuatilia mgawo.

Jaribio hili karibu kila mara linaanza kwa kukukatisha tamaa. Unaweka milivolti sifuri, na kolekta hazisomi 7 kwa 7. Moja ina 6.6, nyingine 7.4. Saketi haijakosewa. Transista mbili za mfuko mmoja hazifanani kabisa, na kama moja inapitisha mkondo zaidi ya mwenzake kwa asilimia 20 kwa volti zilezile, ni sawa na kuwa na milivolti karibu 5 zilizojificha ndani. Utazijua kwa kuzungusha volyumu taratibu mpaka kolekta zilingane: kile mita inachosoma hapo kwenye besi ndicho kipimo cha kutofanana kwao. Kuanzia hapo hesabu yetu inakubali, mradi uhesabu tofauti kutoka pale walipolingana na si kutoka sifuri. Ndani ya aisi, transista zote mbili huzaliwa kwenye kipande kimoja cha silikoni, zikiwa na ukubwa mmoja na zikikaa jirani, na hapo kutofanana hushuka mara nyingi hadi milivolti 1 au 2.

Mara baada ya kuzilinganisha, bana moja kwa kidole na uangalie mita. Kolekta yake itaanza kushuka polepole, na inaweza kushuka kwa nusu volti au zaidi, bila mtu kugusa volyumu. Kidole kimeipasha moto transista moja na kumwacha mwenzake, na kwa kila nyuzi moja ya tofauti umeingiza milivolti 2 za uongo. Nyuzi 5 ni milivolti 10, na milivolti 10 tumeshaona zinafanya nini. Hata upepo wa feni unaolenga upande mmoja unaonekana kwenye mita. Ndiyo maana katika amplifaya zilizojengwa kwa uangalifu utakuta transista hizi mbili zimegundishwa uso kwa uso, au zimefungwa kwa kipande cha shaba. Si urembo, zinalazimishwa kuwa na joto moja.

Kosa la pili linaingia kwenye rezista za mlangoni. Kila besi inanyonya mkondo kidogo. Kwa nusu miliampea na ukuzaji wa 200, ni mikroampea 2.5. Zikipita kwenye omu 100 ni robo ya milivolti, hazidhuru. Lakini mtu akiweka omu 10,000 upande mmoja na waya mtupu upande wa pili, amejitengenezea milivolti kama 17 za upotofu, na karibu theluthi mbili ya mkondo imeshahamia upande mmoja kabla ishara haijafika. Dawa ni kuipa kila besi rezista inayolingana na ya mwenzake, ili upotofu uwe wa pamoja na upuuzwe kama kelele nyingine.

Kosa baya zaidi halionekani siku ya kwanza. Kiungo cha besi na emita hakivumilii volti nyingi za kinyume. Kwa BC547 kikomo ni volti 6. Kama besi moja iko juu ya nyingine kwa volti 7 au zaidi, ile iliyozimwa inaanza kuvuja kwa kinyume. Hailipuki. Inaendelea kufanya kazi, ila ukuzaji wake umepungua na kelele yake imeongezeka, na ukija kuipima kwa mita utaiona nzima.

Sasa turudi kwenye dirisha lenyewe, kwa sababu ni dogo sana. Hadi milivolti 10 mgawo unafuata mstari ulionyooka vizuri, kosa likiwa kama asilimia 1. Ukifika milivolti 26 kosa ni asilimia 8, na baada ya hapo mstari unapinda haraka. Sauti iliyoingizwa moja kwa moja na nguvu nyingi hutoka vilele vyake vikiwa vimebanwa. Anayetaka unyoofu huongeza rezista ndogo kati ya kila emita na makutano. Kwa mfano wetu, omu 220 kila upande zinafanya ule mgawo wa kumi kwa moja udai milivolti 240 badala ya 60. Gharama yake ni ukuzaji: kolekta iliyokuwa inasogea milivolti 96 kwa kila milivolti 1 ya mlangoni, sasa inasogea kama 18 tu.

Kuna waliofanya kinyume, wakakataa kabisa ile sehemu iliyonyooka. Mwaka 1956 Hannon Yourke wa IBM alitumia jozi hii kama swichi ya kompyuta. Katika saketi za ukoo huo, besi moja inashikiliwa kwenye volti maalumu, na nyingine inaruka juu na chini yake kwa volti 0.4 hivi. Kwa hesabu yetu, milivolti 400 ni uwiano wa mamilioni kwa moja, yaani mkondo wote unahama upande mmoja hadi mwingine bila mabaki. Kasi yake inatokana na kwamba transista haisukumwi hadi kujaa, hali ambayo huhifadhi chaji ndani na kuchukua muda kuiondoa. Hapa mkondo unahamishwa tu. Lakini mkia hauzimiki. Iwe jibu ni sifuri au moja, iwe mashine inahesabu au imekaa bure, kila jozi inaendelea kula mkondo wake kamili. Cray-1 ya mwaka 1976 ilijengwa kwa saketi za aina hiyo, ikawa inakula kilowati kama 115, na ndani ya fremu zake zilipitishwa bomba za freoni, gesi ya majokofu, ili isiungue.